Kiungulia cha miaka mingi: nani anahitaji kamera, na matokeo yana maana gani

Hotuba iliyotolewa na afisa wa habari wa kaunti katika baraza la wakazi. Tumeichapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuuliza maswali na kuwaletea majibu. Swali la leo nililipata nyumbani kwetu, kwa mjomba wangu, na majibu niliyafuata kwa madaktari na wauguzi wa chumba cha endoskopi. Mjomba amenikubalia nisimulie habari zake, mradi nisimtaje jina.

Mjomba ana miaka 57. Ameendesha matatu za safari ndefu tangu ujana wake. Alivuta sigara kwa miaka kama 20, na kitambi chake mnakijua, ni kile cha kukaa nyuma ya usukani mchana kutwa na kula nyama choma saa nne usiku kabla ya kulala. Kwa miaka 14 kifua kimekuwa kikimuungua. Maji machungu yanapanda hadi kooni, hasa akilala chali. Kila nilipomuuliza alinijibu, "Mpwa wangu, hii ni alsa tu. Kila dereva ana alsa." Alikuwa akinunua vidonge kwenye duka la dawa stendi, anameza viwili siku inapomzidi, kisha anaacha.

Halafu, miaka miwili iliyopita, moto ukapungua. Mjomba akafurahi, akasema amepona.

Niwaeleze kwanza kilichokuwa kikiendelea ndani, kwa sababu wengi wetu hapa tunaita kila kinachochoma "alsa". Alsa ni kidonda kwenye tumbo au kwenye mwanzo wa utumbo. Shida ya mjomba ilikuwa juu zaidi, kwenye umio, ule mrija wa sentimita kama 25 unaoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Mwisho wa umio pana msuli unaojifunga kama mdomo wa mfuko. Ukilegea, asidi ya tumbo inapanda. Tumbo lina utando wake unaoweza kustahimili asidi, lakini umio hauna. Utando wa umio unafanana na ngozi laini ya ndani ya shavu. Asidi ikiugusa, unaungua. Hicho ndicho kiungulia.

Asidi ikiendelea kupanda kwa miaka mingi, kwa baadhi ya watu mwili hutafuta njia ya kujilinda. Unaondoa ule utando wa kawaida sehemu ya chini ya umio na kuotesha mwingine unaofanana na wa utumbo, ambao unaistahimili asidi vizuri zaidi. Madaktari huita hali hii umio wa Barrett, kwa jina la daktari wa upasuaji aliyeandika kuihusu mwaka 1950. Utando huo mpya huenda usihisi moto kama ule wa zamani. Kwa hiyo mtu aliyeungua miaka kumi na kitu anaweza kuona kiungulia kimepungua bila kupona. Si kila anayepata nafuu amefika hapo. Wengi hupata nafuu kwa sababu wamepunguza uzito, wameacha kula usiku au wametumia dawa vizuri. Lakini mjomba hakuwa amebadilisha chochote.

Aliyegundua hilo ni mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wetu. Alikuja nyumbani kumpima mke wa mjomba shinikizo la damu, akaona maganda ya vidonge juu ya meza. Akamuuliza mjomba maswali manne: Kiungulia kilianza lini? Kinakuja mara ngapi kwa wiki? Chakula kinakwama? Unapungua mwili? Alipomaliza, akamwandikia barua ya kwenda kituo cha afya, na kutoka pale mjomba akapelekwa hospitali yenye endoskopi.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: nani anahitaji kamera?

Si kila mwenye kiungulia. Kijana wa miaka 28 anayeungua akila chapati za mafuta usiku, chakula kinashuka vizuri na uzito wake haujabadilika, haanzi na kamera. Anapewa dawa ya kupunguza asidi, kama omeprazoli, kwa wiki 8, kidonge kimoja kila siku. Dawa hii ina namna yake ya kumezwa, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Inamezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula, kwa kawaida kabla ya chai ya asubuhi, kwa sababu hufanya kazi tumbo linapojiandaa kutoa asidi. Ukiimeza baada ya kula, au siku ile tu unayoumia kama alivyokuwa akifanya mjomba, unapata sehemu ndogo ya faida yake. Baada ya wiki 8, ikiwa umeimeza ipasavyo na bado unaungua, au hali inarudi kila ukiacha dawa, rudi kwa daktari. Hapo kamera inaweza kuhitajika.

Kundi la pili ni la watu kama mjomba. Mtu ameungua kila wiki kwa miaka 5 au zaidi, na juu ya hilo ana mambo matatu au zaidi kati ya haya: ni mwanamume, amepita miaka 50, ana unene hasa wa tumboni, anavuta au amewahi kuvuta sigara, au mzazi, ndugu au mtoto wake amepatikana na umio wa Barrett au saratani inayotokana nao. Mtu huyo anafaa kuangaliwa mara moja hata kama hana maumivu. Mjomba alikuwa na manne. Na hili pia niliambiwa: hapa kwetu umio wa Barrett huonekana kwa nadra kuliko Ulaya au Marekani. Kwa hiyo wengi wa kundi hili wataangaliwa na kukutwa hawana.

Kundi la tatu ndilo ninalotaka mlishike kuliko yote, na halihusu miaka ya kiungulia. Mtu wa umri wowote, awe na kiungulia au hana, anahitaji kamera haraka akiona dalili hizi: chakula kinakwama au kinauma kikishuka, anatapika damu, au choo kimekuwa cheusi kama lami, anapungua mwili bila kutaka, anatapika mara kwa mara, au amepimwa akakutwa na upungufu wa damu usiojulikana chanzo.

Ninalisisitiza kwa sababu ya hali ya nchi yetu. Saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazoua Wakenya wengi, na maeneo ya Bonde la Ufa kama Bomet yanajulikana kwa wagonjwa wengi, wakiwemo vijana. Lakini kwa sehemu kubwa saratani hiyo si ile inayotokana na asidi na umio wa Barrett. Ni aina nyingine, inayoanzia kwenye ule utando wa kawaida, na inahusishwa na tumbaku, pombe, na vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65. Mgonjwa wake anaweza kuwa hajawahi kupata kiungulia hata siku moja. Dalili yake kubwa ni kukwama. Kwanza inakwama nyama na ugali, na mtu anaanza kusindikiza kila tonge kwa maji. Baadaye wali. Halafu anabaki na uji, na mwishowe hata maji hayashuki. Ukijiona umeanza kusindikiza tonge kwa maji kila siku, usingoje ufike kwenye uji, na usimeze dawa za alsa mwezi mzima ukisubiri. Nenda wiki hiyo hiyo.

Neno moja la pembeni kabla sijaendelea. Maumivu ya kifua yanayokuja na jasho, kukosa pumzi, au yanayoenda hadi mkononi au kwenye taya, hayo si ya kungojea kamera. Huenda ni moyo. Kimbia hospitali.

Turudi kwa mjomba. Aliogopa kamera kuliko ugonjwa, kwa hiyo nilienda naye, na nitawaeleza nilichokiona.

Usiku wa kuamkia siku hiyo alikula mapema, kisha hakula tena, kwa sababu tumbo likiwa na chakula daktari haoni, na chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu. Asubuhi muuguzi alimuuliza kama ana kisukari, kama anatumia dawa za kuyeyusha damu, na kama kuna dawa inayomdhuru. Mwenye mojawapo aseme siku anapopewa tarehe, asingoje asubuhi ya kipimo. Akapuliziwa dawa ya ganzi kooni, akapewa dawa ya usingizi mwepesi kwenye mshipa, akalazwa ubavu wa kushoto na kuwekewa kipande cha plastiki kati ya meno. Mrija wenyewe unapinda, na unene wake ni kama kidole kidogo. Unapita mdomoni, si kwenye njia ya hewa, kwa hiyo mtu anaendelea kupumua. Kipimo kilichukua kama dakika kumi. Baadaye koo lilikuwa linawasha kidogo, na siku hiyo hakuruhusiwa kuendesha gari. Kwa dereva hilo ni jambo la kupanga mapema, na unahitaji mtu wa kukurudisha nyumbani.

Siku hiyo hakupata jibu alilolitaka. Daktari alisema umio umechubuka vibaya, daraja C. Madaraja ni manne, kuanzia A ambalo ni michubuko midogo hadi D ambalo ni baya zaidi. Mjomba akauliza, "Sasa daktari, niambie ukweli, ni kansa?" Daktari akamwambia hajaona uvimbe wowote, lakini hawezi kusema mengi kuhusu utando, kwa sababu uwekundu wa michubuko huficha uwekundu wa Barrett, na seli zilizochomwa na asidi zinaweza kuonekana maabarani kama zimeharibika kumbe zinajitibu. Akampa omeprazoli ya wiki 8 na kumwambia arudi.

Wengi hupotea hapo. Dawa inamaliza maumivu, mtu anaona hana sababu ya kupoteza siku nyingine ya kazi, na kipimo cha pili kinasahaulika. Karatasi yako ikisema michubuko ya daraja B, C au D na daktari akakupa tarehe ya kurudi, jua kuwa kipimo cha kwanza hakijaisha. Nusu yake ya pili ndiyo hiyo tarehe.

Mjomba alirudi, ingawa mke wake ndiye aliyemkumbusha mara tatu. Mara hii michubuko ilikuwa imepona, na daktari aliona vizuri. Utando wa kawaida wa umio ni mweupe wenye waridi kidogo. Kwa mjomba, kuanzia pale umio unapokutana na tumbo, ulipanda utando mwekundu zaidi kama ulimi, urefu wa sentimita 4. Macho peke yake hayatoshi kutoa uamuzi. Daktari alichukua vipande vidogo, kila kimoja kama punje ya mtama, vinne kuzunguka umio kila baada ya sentimita 2, vikapelekwa maabara. Mjomba hakuhisi kitu vilipochukuliwa.

Matokeo yalirudi baada ya wiki mbili: umio wa Barrett, bila displasia. Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo ya kuangalia kwenye karatasi yenu, kwa hiyo nitayaeleza polepole.

Umio wa Barrett si saratani. Ni utando uliobadilika mahali pake. Lakini utando huo unaweza, kwa watu wachache, kuendelea kubadilika hatua kwa hatua. Displasia ni hatua hizo: seli zinaanza kupoteza mpangilio na kukua ovyo. Bila displasia maana yake seli zimebadilika aina lakini ziko katika utaratibu. Kati ya watu 1,000 wenye matokeo kama ya mjomba, takriban mmoja hadi watatu ndio hupata saratani katika mwaka mmoja. Wengi wao watazeeka na kufa kwa sababu nyingine kabisa. Mjomba aliposikia hivyo alivuta pumzi, halafu akauliza swali zuri: "Basi kwa nini nirudi tena?" Jibu ni kwamba hakuna anayejua ni yupi kati ya hao 1,000, na hatua za katikati hazina maumivu. Huonekana kwa kamera tu, na zikionekana mapema zinatibika bila kufungua kifua.

Ratiba inategemea urefu wa ule utando. Ukiwa chini ya sentimita 3 na hauna displasia, kamera hurudiwa baada ya miaka 5. Ukiwa sentimita 3 au zaidi, baada ya miaka 3. Mjomba ana sentimita 4, kwa hiyo ni miaka 3. Si kila mwezi wala kila mwaka. Mtu akikuambia urudie kila baada ya miezi michache wakati karatasi inasema bila displasia, muulize sababu.

Karatasi ikisema displasia ya daraja la chini, hatua ya kwanza ni vipande visomwe tena na mtaalamu wa pili, kwa maana hata wataalamu hutofautiana katika kusoma daraja hili. Ikithibitishwa, kuna njia mbili za kujadiliana na daktari: kuunguza ule utando kwa joto kupitia kamera, au kuangalia kila miezi 6 kwa mwaka wa kwanza na baadaye kila mwaka. Ikisema displasia ya daraja la juu, hilo nalo huthibitishwa, lakini hapo si wakati wa kungoja na kuangalia. Utando huondolewa au kuunguzwa kupitia kamera, kazi inayofanywa katika hospitali kubwa chache, kwa hiyo utapewa rufaa.

Na je, dawa itarudisha utando wa zamani? Kwa kawaida hapana. Omeprazoli inaponya michubuko na kuzuia asidi isiendelee kuchoma, na ndiyo maana mjomba anaimeza kila asubuhi hata siku asiyoungua. Lakini ule ulimi mwekundu utabaki pale, na kumeza dawa hakufuti tarehe ya kamera. Ameacha sigara. Anakula saa tatu kabla ya kulala, na kichwani mwa kitanda ameweka matofali chini ya miguu miwili, kiasi cha sentimita 15. Kuongeza mito hakukumsaidia, kwa sababu mito hukunja tumbo na kusukuma asidi juu.

Mwenye kipimo kilichotoka safi naye asikilize. Kamera ikiwa safi haimaanishi ulikuwa unasingizia. Wengi wenye kiungulia cha kweli umio wao huonekana salama, na wanaendelea kutibiwa kiungulia. Kamera imejibu swali lake moja tu, la utando.

Niwaachie jambo la kufanya mkiondoka hapa. Mkienda kituo cha afya, msiseme tu "nina alsa". Semeni inaungua wapi, tangu mwaka gani, mara ngapi kwa wiki, umetumia dawa gani na unaimezaje, kama chakula kinakwama, na kama kuna mtu wa damu yako aliyeugua umio. Maneno hayo ndiyo yanayomwezesha mhudumu kuamua kama unahitaji dawa au barua ya rufaa. Kabla ya siku ya kipimo, ulizeni dawati la SHA hospitalini ni gharama gani zinalipiwa na zipi mtazibeba wenyewe. Na karatasi za matokeo mzitunze pamoja na kitambulisho. Mjomba yake iko kwenye mfuko wa plastiki ndani ya sanduku, na tarehe ya kurudi ameiandika ukutani kwa makaa, karibu na picha ya matatu yake ya kwanza.

Kama kuna maswali, mhudumu wetu wa afya ya jamii yuko hapa mbele, na yeye ndiye aliyeyaona yale maganda juu ya meza.